Dakika Kumi, Slaidi Saba, Upepo Mmoja: Namna ya Kuhutubia Chumba cha Habari Kisicho na Fedha

Umeombwa kuzungumza dakika kumi mbele ya wahariri na wamiliki wa redio ndogo za Dodoma, Singida na Manyoni. Mada ni uandishi wa habari kwa simu. Ukumbini kuna viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kelele, na projekta iliyoazimwa. Mbele yako ameketi mkurugenzi ambaye tangu mwaka jana anasema kituo chake kitaanza video siku kitakaponunua kamera kubwa na droni. Mwongozo huu ni wa kumsaidia yeye, na wewe uliyepewa kazi ya kumshawishi.

Tuanze na itifaki, maana ndiyo inayokula hotuba nyingi nchini. Ukimtaja kila mgeni kwa cheo chake, dakika mbili zimekwenda na hujasema neno. Sema "Itifaki imezingatiwa," kisha bonyeza slaidi ya kwanza. Hakuna atakayenuna, wengi watashukuru kimoyomoyo.

Jambo la pili ni vifaa. Hifadhi slaidi zako kwenye simu kama PDF, na nakala nyingine kwenye flashi. Chukua spika ndogo iliyochajiwa. Projekta nyingi za kumbi zinaonyesha picha lakini hazitoi sauti, na mada yako inaanza na kuisha kwa sauti. Umeme ukikatika, spika itakubeba hadi mwisho.

Sasa mpangilio wenyewe.

Slaidi ya 1. Dakika 0:00 hadi 0:45

*Kwenye slaidi:* weusi mtupu, na maneno mawili katikati: "Sikilizeni kwanza."

*Maelezo ya msemaji:* Usiseme kitu. Cheza sekunde kumi za mahojiano yaliyorekodiwa kwa simu tupu, nje, upepo ukivuma. Kisha cheza sekunde kumi za mtu yuleyule, mahali palepale, ila sasa kwa maiki ndogo ya kubana shatini iliyovikwa manyoya. Halafu sema: "Ndugu zangu, simu ni ileile. Kilichobadilika ni maiki na kipande cha manyoya. Msikilizaji wetu atavumilia picha inayotikisika, lakini sauti asiyoielewa hataivumilia hata nusu dakika. Tunaoishi uwanda huu wa kati tuna upepo kuanzia Juni hadi Oktoba, na ndiyo miezi ya mavuno, minada na mikutano ya hadhara. Kwa hiyo leo tutaanza na sikio."

Klipu mbili hizi zirekodi mwenyewe wiki moja kabla. Ya kwangu niliipata kwa uchungu. Nilikwenda vijiji vya Bahi mwezi Agosti kumhoji bibi mmoja juu ya kisima kilichokauka. Alinieleza kwa dakika ishirini, Kigogo kikichanganyika na Kiswahili, na mimi nikiitikia kwa kichwa. Nilipofika mjini nikakuta ngurumo kama ya lori linalopanda mlima, na chini yake kwa mbali mtu anaongea. Sikurudia kosa hilo, ila yale maneno ya bibi hayakurudi. Ndiyo maana slaidi ya kwanza haina picha.

Slaidi ya 2. Dakika 0:45 hadi 2:15

*Kwenye slaidi:* "Shilingi ya kwanza: maiki. Ya pili: umeme. Ya tatu: mguu. Simu: mliyo nayo."

*Maelezo ya msemaji:* "Mwaka 2007 shirika la habari la Reuters, likishirikiana na Nokia, liliwapa waandishi wake simu ya N95 wakafanyie kazi. Simu ile ni dhaifu kuliko nyingi zilizomo mifukoni mwetu asubuhi hii. Lakini mfuko waliopewa ulikuwa pia na maiki ya nje na stendi. Wenye fedha nao walijua simu peke yake haitoshi.

"Kwa hiyo fedha ya kwanza inunue maiki ya waya ya kubana shatini, pamoja na kifuniko cha manyoya. Kile kisponji cheusi kinachokuja na maiki kinazuia pumzi ya msemaji, hakizuii upepo wa Dodoma. Manyoya yakikosekana dukani, fundi cherehani atakushonea kifuko kwa kipande cha blanketi laini lenye manyoya marefu. Fedha ya pili inunue pawabenki, kwa sababu kurekodi video kunamaliza chaji, na kijijini hutaomba umeme kila nyumba. Fedha ya tatu inunue stendi fupi ya miguu mitatu. Simu mpya ni ya mwisho kabisa, na mara nyingi haihitajiki."

Hapa nyanyua waya wa maiki, uwaonyeshe ncha yake. Huu ndio mtego unaowala wengi. Ncha yenye mikanda mitatu myeusi ni ya simu. Yenye mikanda miwili ni ya kamera, na ukiichomeka kwenye simu bila adapta, simu haiitambui, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukuambia lolote. Simu isiyo na tundu la duara inahitaji adapta, mara nyingi ya USB-C. Namna ya kupima ni moja: rekodi, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kwa nguvu, maiki imeshika. Ukiusikia kwa mbali, simu inakudanganya.

Slaidi ya 3. Dakika 2:15 hadi 3:45

*Kwenye slaidi:* "Kabla ya kubonyeza: ndege, nafasi, kivuli, 25."

*Maelezo ya msemaji:* Eleza maneno manne hayo moja baada ya jingine, bila kukimbia.

"Ndege: weka simu katika hali ya ndegeni. Shangazi akikupigia katikati ya mahojiano, simu nyingi zitakata rekodi. Na hata asipopiga, mawimbi ya mtandao huingia kwenye waya wa maiki yakaacha mlio wa ti-ti-ti ambao hakuna fundi wa studio atakayeufuta.

"Nafasi: video ya kawaida ya ubora wa 1080p inakula takriban mega 130 kwa dakika kwenye simu nyingi. Mahojiano ya dakika nne ni nusu GB na zaidi. Futa picha za harusi ukiwa ofisini, usizifutie mbele ya mkulima aliyeacha kazi yake akusikilize.

"Kivuli: jua letu la saa sita liko utosini. Linatia mashimo meusi machoni mwa mtu na kuchemsha simu hadi ijizime. Piga picha kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikibidi mchana, mwingize mtu chini ya mti au kwenye kibaraza, uso wake uelekee kwenye mwanga. Na ukuta wa kibaraza hichohicho utawakinga na upepo.

"Ishirini na tano: umeme wetu ni wa hezi 50. Simu nyingi hutoka dukani zikirekodi fremu 30 kwa sekunde, na chini ya taa za ofisi au ukumbi unaona mistari ikitambaa kwenye picha. Programu ya bure ya Open Camera inakuruhusu kuchagua fremu 25, simu yako ikikubali, na mara nyingi mistari hiyo inatulia. Humohumo kuna mpangilio wa kuchagua maiki ya nje."

Kama mtu atainua mkono kuuliza habari ya hezi, mwahidi utamjibu wakati wa chai. Slaidi hii ndiyo inayomeza muda wa wasemaji wanaopenda vifaa.

Slaidi ya 4. Dakika 3:45 hadi 6:15

*Kwenye slaidi:* picha tano za mraba: mikono, uso, mahali, begani, jicho la ndege. Chini yake: "Sekunde kumi kila moja."

*Maelezo ya msemaji:* Huu ndio moyo wa mada, ndiyo maana umepewa dakika mbili na nusu. Chukua habari moja uifuate hadi mwisho.

"Bunge linapokaa, sote tunajazana pale. Ndani ya ukumbi wa Bunge simu zetu haziwezi kitu: tuko mbali, na Bunge lenyewe lina picha zake rasmi. Lakini waziri akijibu swali la lumbesa, jibu liko Bungeni na gunia liko Kibaigwa. Twende Kibaigwa. Kutoka stendi ya Nanenane ni safari ya karibu saa mbili kwa basi, kwenye barabara ya Morogoro, wilayani Kongwa, penye lile soko kubwa la mahindi.

"Swali letu ni moja tu: leo gunia linauzwa kwa mizani au kwa macho? Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni lile gunia linaloongezwa kichwa juu ya mdomo wake na kufungwa kwa kamba, mkulima akalipwa kama gunia moja. Hii ni habari inayoonekana kwa macho, na ndiyo inayofaa simu.

"Picha ya kwanza, mikono. Mshonaji anapitisha sindano kubwa kwenye mdomo wa gunia. Sogea wewe mwenyewe kwa miguu. Usivute picha kwa vidole, maana kwenye simu nyingi kukuza hivyo ni kukata picha na kuiharibu. Simu ilale, isisimame, kama habari inakwenda YouTube. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo bila kuhamisha simu. Picha ya pili, uso wa mshonaji huyohuyo akitazama kazi yake. Picha ya tatu, mahali: rudi nyuma mpaka soko lote lionekane, malori, turubai na vumbi. Picha ya nne, simama nyuma ya bega la mwenye kupima, tuone mizani kama anavyoiona yeye. Picha ya tano, ile ambayo mtazamaji hakuitarajia: panda juu ya lori kwa ruhusa ya mwenye lori, upige magunia kutoka juu. Hiyo ndiyo droni yetu.

"Sekunde hamsini zimetosha. Sasa mahojiano. Mkulima kwanza, kisha mnunuzi. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu, waya upite ndani ya shati, na usiiweke mahali mkufu au mtandio utakapoigusa. Swali la kwanza liwe hili: 'Jina lako nani, unatoka wapi, na unakubali nikurekodi kwa ajili ya redio na mtandao?' Hapo umepata jina sahihi, ridhaa, na kipimo cha sauti kwa pamoja. Acha sekunde thelathini za mwisho urekodi soko peke yake, bila mtu kuhojiwa. Fundi wa studio atakubariki, kwa kuwa sauti hiyo ndiyo inayoziba mishono ya taarifa.

"Habari haijaisha. Kabla ya kupanda basi, piga simu Wakala wa Vipimo, na uombe uongozi wa soko useme upande wake. Picha nzuri ya gunia bila jibu la mwenye mamlaka ni malalamiko, bado si taarifa."

Mtu akizungumza Kigogo, mwache asikike sekunde tatu au nne kabla ya tafsiri kuingia juu yake. Msikilizaji wa Mpwapwa au Mvumi akisikia lugha ya nyumbani anaacha alichokuwa anafanya. Tafsiri hiyo ithibitishwe na mzungumzaji wa pili wa Kigogo kabla haijaruka.

Slaidi ya 5. Dakika 6:15 hadi 7:45

*Kwenye slaidi:* "Sauti: mega 4. Video iliyohaririwa: mega 34. Video ghafi: mega 600 na ushei."

*Maelezo ya msemaji:* "Namba hizi tatu ni za habari yetu ya Kibaigwa. Mahojiano ya dakika nne kwa sauti peke yake, kwenye faili la m4a la kawaida, ni kama mega 4. Video ya sekunde 90 ikishahaririwa na kutolewa kwa ubora wa 720p, kwa mwendo wa megabiti 3 kwa sekunde, ni kama mega 34. Video ghafi yote, mahojiano na zile picha tano, inapita mega 600. Anayetuma video ghafi kwa bando lake ndiye anayerudi ofisini na kinyongo, na kinyongo chake ni cha haki.

"Basi mpangilio uwe huu. Saa tano asubuhi, mwandishi akiwa bado sokoni, atume sauti na picha moja ya mnato. Taarifa ya habari ya saa saba inampata mkulima akizungumza mwenyewe. Ndani ya basi ahariri video kwenye simu. Jioni, akifika kwenye intaneti ya ofisi, aipandishe. Safari moja, nauli moja, kazi tatu."

Kisha waeleze kosa la WhatsApp, maana karibu kila kituo kinalifanya. Ukituma ujumbe wa sauti kwa kubonyeza alama ya maiki, programu inabana sauti na kuipunguzia ubora. Ukituma video kama video, inabanwa pia. Tuma kama Hati, au Document ikiwa simu yako inasoma Kiingereza. Hapo faili linafika kama lilivyoondoka. Faili lipewe jina kabla ya kutumwa, kwa mfano `kibaigwa_mkulima_1.m4a`. Mhariri mwenye mafaili ishirini yenye majina ya namba tupu atarusha siku moja sauti ya mnunuzi akidhani ni ya mkulima, na hapo kosa si la simu tena.

Bando la kazi lilipwe na kituo. Sema sentensi hii ukiwatazama wamiliki, kwa upole, na uirudie mara moja.

Slaidi ya 6. Dakika 7:45 hadi 9:00

*Kwenye slaidi:* "Leseni. Ridhaa. Mtoto."

*Maelezo ya msemaji:* "Leseni: redio yenu ina leseni ya utangazaji, lakini maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake tangu 2018. Zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Kabla ya kufungua chaneli ya YouTube kwa jina la kituo, waandikieni TCRA mpate jibu la maandishi juu ya hali yenu. Jibu la kuambiwa koridoni halimlindi mtu.

"Ridhaa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ile sentensi tuliyomuuliza mkulima mwanzoni mwa mahojiano ihifadhiwe, isifutwe na video ghafi. Mtu anaweza kukubali redio akakataa video, kwa kuwa redioni jirani husikia sauti, lakini mtandaoni anaona uso, nyumba na ng'ombe. Muulizeni yote mawili.

"Mtoto: aliyetendewa vibaya, au aliye mbele ya mahakama, haonekani uso, sare ya shule wala mlango wa nyumba yao. Kuficha macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Kijijini wanamjua kwa sauti na kwa shati. Mpigeni picha mikono, au msimpige kabisa."

Slaidi hii isomwe polepole. Ukiona muda umebana, punguza maneno ya slaidi ya tatu, hii iache kama ilivyo.

Slaidi ya 7. Dakika 9:00 hadi 10:00

*Kwenye slaidi:* "Simu haiwezi: umbali, giza, saa tatu mfululizo. Simu inaweza: Kibaigwa, kesho."

*Maelezo ya msemaji:* "Tusidanganyane. Mechi ya mpira kutoka jukwaani, simu haiwezi. Mkutano wa usiku wenye taa moja, haiwezi; picha itajaa chenga. Kongamano la saa tatu bila kukatika, simu itachemka au itajaa. Huko chukueni sauti tu, maiki ikiwa mezani kwa msemaji, na picha mbili za mnato. Kukubali mpaka wa kifaa ni sehemu ya ujuzi wa kukitumia.

"Ninaomba jambo moja. Kesho kila kituo kimpe mwandishi mmoja maiki moja, na kimtume mahali pamoja panapofikika kwa basi. Ambaye hana maiki asimame nyuma ya ukuta, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji. Arudi na picha tano na mtu mmoja anayesikika."

Halafu zima slaidi, ukumbi urudi gizani kama ulivyoanza. Cheza klipu ya mwisho ya sekunde kumi: Kibaigwa asubuhi, maiki imevikwa manyoya, sindano inapita kwenye mdomo wa gunia, krr, krr, na sauti ya mkulima juu yake akitaja idadi ya madebe anayodhani yamo ndani. Upepo uleule upo, unausikia kwa mbali ukigonga turubai. Kila neno lake linafika hadi kiti cha nyuma.

Usiongeze neno. Ikiwa mkurugenzi wa droni atakusogelea wakati wa chai akiuliza manyoya yanauzwa wapi, mpeleke kwa fundi cherehani.